Makosa Yako Wapi?

Ndugu msomaji, usinicheke. Kazi hii sikuitafuta, ilinikuta kwenye mashine ya fotokopi. Nilipomaliza kidato cha sita matokeo yalitoka ya kukaa nyumbani, basi nikaenda kumshikia mjomba steshenari yake pale Mwenge. Mchana natoa kopi na kuchapa barua za watu, usiku naandika riwaya yangu ambayo kila mshikaji wa mtaani anaijua kwa jina na hakuna aliyeisoma.

Wateja wetu wengi ni wanachuo. Siku moja dada mmoja wa uzamili, tasnifu yake anaiandika kwa Kiswahili, alikuja kuchapisha sura ya nne. Nilikuwa nazipanga karatasi, jicho likanasa kwenye sentensi moja ndefu isiyokuwa na kitenzi. Nikamwambia, "Samahani dada, hii hapa haijakaa sawa." Akaisoma mara mbili, akacheka. "Wewe mdogo wangu umesoma wapi?" Nikamjibu kwamba naandika riwaya. Kesho yake akaniletea flashi yenye sura zote na kuniahidi shilingi 1,500 kwa ukurasa. Kurasa 118. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini usiku ule sikulala.

Tasnifu yake ilihusu makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi wa kidato cha pili, shule moja ya bara. Alikuwa amekusanya insha 40 na kunakili humo mifano kama "vitabu zangu zimepotea", "kiti hii imevunjika", "mtoto yangu analia". Nanyi mnanijua, mimi nikiona "kiti hii" mwili unanisisimka. Nikaanza kusafisha. "Vitabu zangu zimepotea" nikaandika "vitabu vyangu vimepotea". "Kiti hii" nikaandika "kiti hiki". Nilipita sura ya nne yote kama mtu anayefyeka shamba, alfajiri nikahifadhi faili juu ya lile la zamani, nikaenda kulala nikiwa na furaha ya fundi aliyemaliza nyumba.

Dada naye aliniamini. Hakusoma tena, akatoa kopi, akampelekea msimamizi wake. Baada ya siku nne alirudi dukani amekunja uso, akaniwekea karatasi mezani. Pembeni mwa sura ya nne, kwa kalamu nyekundu, profesa alikuwa ameandika: "Makosa yako wapi? Kwa data hii wanafunzi wako wanajua Kiswahili kuliko mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Yale makosa ndiyo yaliyokuwa data yake. Yule dada alisafiri, akakaa na walimu, akasoma insha moja moja ili ayapate, na mimi kwa usiku mmoja nikayafuta. Bahati flashi yake nyingine ilikuwa na faili la zamani, na madaftari ya insha yalikuwa bado yako chini ya kitanda chake. Bila hivyo ingekuwa habari nyingine.

Profesa akataka kumwona huyo mhariri. Nilikwenda nimevaa shati la kanisani. Nilitegemea matusi, lakini mzee yule alinipa kiti, akaniuliza swali moja ambalo hadi leo ndilo ninaloanza nalo kila kazi: "Unapobadilisha kitu humu, unatumia unachokijua wewe au anachokijua yeye?"

Sikuelewa. Akanifafanulia. Nikirekebisha tahajia, nukta, ngeli katika sentensi za mwandishi mwenyewe, natumia ninachokijua mimi, yaani lugha. Hilo halali. Lakini siku nikiamua hoja ina maana gani, takwimu ipi ni ya kweli, mfano upi ubaki, nani anukuliwe, hapo nimeingia kwenye kinachojulikana na yeye tu, na ndicho anachopimwa. Shahada haitolewi kwa kuandika Kiswahili kizuri. Inatolewa kwa kuonyesha kwamba mtu ametafiti na kufikiri mwenyewe, na ukurasa wa mwanzo wa tasnifu una tamko lenye sahihi yake kwamba kazi ni yake. Mimi nikimwandikia nusu, nimemtia katika uongo alioutilia sahihi.

Akanieleza pia kwamba jambo hili si la kubuni kwake. Wahariri wa Australia walikaa na wakuu wa masomo ya uzamili wa vyuo vyao, wakatoa mwongozo mwaka 2001, ukapitiwa tena 2010 na 2019. Unasema mhariri wa tasnifu ashughulikie lugha, na ukamilifu na ulinganifu wa maandishi. Akiona hoja imepinda au sura imekaa vibaya, anaruhusiwa kuonyesha mahali penye tatizo. Kulitatua ni kazi ya mwanafunzi na msimamizi wake. Na msimamizi lazima ajue kwamba kuna mhariri. Pale kwetu, akasema profesa, mimi nataka nijue kabla, na nataka mhariri atajwe kwenye shukurani pamoja na alichokifanya. Basi, hana siri tena, na wewe huna cha kuficha.

Nikarudi dukani nikaanza upya, bure. Mjomba alininunia wiki nzima.

Safari hii faili la mwenye kazi sikuligusa. Nilitengeneza kopi, nikaipa jina lenye tarehe, nikawasha Track Changes ili kila nilichofuta kionekane kimekatwa na kila nilichoongeza kiwe na rangi. Hii nawaambia wote wanaotaka kujaribu kazi hii: mhariri asiyeacha alama ni mwandishi aliyejificha. Mwenye kazi lazima akae, apitie badiliko moja moja, akubali au akatae. Akibonyeza "kubali yote" bila kusoma, hilo nalo ni tatizo, na ndiyo maana makubwa nayaandika pembeni kama swali, maana swali halikubaliki kwa kubonyeza.

Halafu nukuu sizigusi. Maneno ya mwanafunzi katika insha, ya mama aliyehojiwa sokoni, ya mwandishi wa kitabu kilichonukuliwa, yote yanabaki kama yalivyo hata kama yana makosa ya kutia kichefuchefu. Nikihisi kosa ni la uchapaji, yaani dada mwenyewe ameteleza alipokuwa ananakili, naandika pembeni: "Linganisha na daftari." Yeye ndiye mwenye daftari.

Sasa nikupeleke kwenye ukurasa mmoja uone mambo yanavyokuwa, kwa sababu mpaka wenyewe huujui mpaka uukanyage.

Sura ya nne ilikuwa na jedwali. Lilionyesha kwamba kati ya insha 40, insha 26 zilikuwa na kosa la upatanisho angalau moja. Chini ya jedwali dada ameandika kwamba asilimia 60 ya insha zilikuwa na makosa hayo. Kwa hesabu ya kawaida, 26 kati ya 40 ni asilimia 65. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kibodi kuifuta ile 60. Nikakumbuka swali la profesa. Hivi mimi najuaje kwamba kosa liko kwenye asilimia na si kwenye jedwali? Nikaandika pembeni: "Jedwali linasema 26, ambayo ni asilimia 65. Maelezo yanasema 60. Ipi ni sahihi?"

Dada alirudi kwenye madaftari, akahesabu tena usiku kucha. Insha zenye makosa zilikuwa 24. Wakati wa kuorodhesha alikuwa ameziwekea insha mbili alama mara mbili. Na 24 kati ya 40 ni asilimia 60 kamili. Maelezo yalikuwa sahihi, jedwali ndilo lililokuwa na kosa. Ningeweka 65, ningelifanya kosa likae pahala pawili, lipendeze, lisionekane na mtu yeyote. Nilipoliona hilo nilitoka nje nikanywa maji.

Ukurasa uleule, chini kidogo, kulikuwa na sentensi hii: "Lugha za nyumbani zinasababisha makosa ya upatanisho." Kisarufi sentensi haina tatizo. Lakini nilikuwa nimeshaisoma sura ya tatu, na nilijua dada hakuwa na kundi la wanafunzi wanaozungumza Kiswahili tu nyumbani ili awalinganishe na hawa. Sasa amejuaje kwamba ni lugha ya nyumbani na si ufundishaji, au uhaba wa vitabu?

Hapo, ndugu zangu, ndipo patamu na ndipo pagumu. Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kubadilisha "zinasababisha" kuwa "huenda zinachangia" na kuendelea na safari. Neno moja tu, nani atajua? Ila neno hilo ndilo hitimisho la tasnifu nzima. Ningekuwa nimemwandikia hitimisho. Ya pili, kumwandikia pembeni: "Weka 'huenda zinachangia', kwa sababu hukuwa na kundi la kulinganisha." Hii inaonekana safi, kumbe ni ileile ya kwanza iliyovaa koti, maana jibu nimempa na sababu nimempa. Ya tatu ndiyo niliyoifuata: "Hapa unasema zinasababisha. Sehemu gani ya data inaonyesha sababu?" Nikanyamaza.

Aliponisoma alinipigia simu kwa hasira. "Wewe mdogo wangu, nimekulipa unisaidie au unihoji?" Nikamwomba radhi, lakini jibu sikumpa. Alikwenda kwa msimamizi, wakavutana huko wanakojua wenyewe, akarudi na aya mpya nzima. Haikuwa na "huenda zinachangia". Alikuwa amerudi kwenye insha na kutazama makosa yenyewe, akaona kwamba mengi yanaegemea upande mmoja: wanafunzi wanachukua viambishi vya ngeli ya "nyumba hizi zangu" na kuvibandika kwenye vitabu, kwenye viti, kwenye kila kitu. Akaandika kwamba data yake inaweza kuonyesha kosa linatokea vipi, ila haitoshi kusema linatoka wapi. Jamani, mimi nisingelifikia hilo. Ningempa lile neno langu moja, aya ile isingezaliwa.

Kuna watu wananiambia nazidisha ulokole. Eti watafiti wakubwa wanahaririwa vikali zaidi na hakuna anayelalamika. Ni kweli, na tofauti ipo. Mtafiti anayepeleka makala kwenye jarida anapimwa makala yenyewe, siyo yeye. Mhariri anaweza kupendekeza aya ihamishwe au hoja ipunguzwe, maadamu mwandishi ameridhia na msaada umetajwa. Wahariri wa majarida ya tiba duniani wanakubaliana kwamba kusaidia lugha peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi mwenza. Anatajwa kwenye shukurani. Kwa mwanafunzi mambo ni mengine, kwa sababu karatasi ni mtihani. Huwezi kumsaidia mtu mtihani kwa kiasi kilekile unachomsaidia mtu aliyekwisha kufaulu.

Jambo lililonisumbua zaidi ya hayo lilikuja na mteja mwingine, kaka mmoja mpole wa stashahada. Kiswahili chake kilikuwa cha kujikongoja, sentensi fupifupi, viunganishi vichache. Nikawa nimezoea mwendo wake. Ghafla ukurasa wa 31, aya moja inaruka kwa mabawa: sentensi za mistari mitano, istilahi zimepangwa kama askari wa gwaride, hata alama za kunukuu zimekuwa za umbo lingine. Aya inayofuata, kaka amerudi anajikongoja.

Mtu aliyezoea riwaya analijua hilo haraka, maana sauti ya mhusika haibadiliki hivi hivi. Aya ile ilitoka kwa mtu mwingine na jina lake halikuwepo. Nami kazi yangu, kwa jinsi nilivyoielewa mwanzo, ilikuwa kufanya maandishi yote yawe na mwendo mmoja. Fikiria basi: ningeivunja ile aya, niishushe ifanane na zake, au nizipandishe zake zifanane nayo, ningekuwa nimeziba nyayo za mwizi kwa mikono yangu. Programu za kukagua ufanano zinatafuta hasa maneno yaliyofuatana kama yalivyo. Mhariri hodari anayabadilisha maneno hayo kwa nia njema kabisa, na wizi unabaki umevaa suti mpya. Kwa hiyo aya ya namna hiyo siihariri hata nukta. Naweka maoni: "Sauti ya aya hii ni tofauti. Ina chanzo?" Kaka alikuja, akakiri kwamba aliinakili kwenye makala zamani akasahau kuandika imetoka wapi. Huenda kweli alisahau. Akaitafuta makala, akaiweka kwenye nukuu na marejeleo. Mimi sikumtafutia, maana kumtafutia mtu chanzo cha kitu ambacho hakukisoma ni kumtengenezea usomaji.

Ya mwisho ni ya aibu, ila nimeahidi kuisema.

Mwaka jana mwezi wa pili, kodi ya chumba changu ilikuwa imepita wiki tatu. Mama mwenye nyumba alikuwa hasalimii tena, anakohoa tu akinipita. Akaja bwana mmoja dukani, suruali imenyooka, funguo za gari mkononi. Anasoma jioni, kazini amebanwa. Sura tatu za mwanzo anazo. Amehoji watu wanne, alitakiwa ahoji kumi na wawili. "Kijana, nimesikia wewe mtaalamu. Nimalizie ya nne na ya tano. Hao wanane waliobaki wewe utajua." Akataja laki nne, nusu mkononi.

Nilijua hiyo si kuhariri. Nilijua pia kwamba kuna vijana wenzangu, hasa Nairobi, wanaoishi kwa kuwaandikia kazi wanafunzi wa Ulaya na Marekani, na siwatupii mawe. Wengi wana shahada zao na ajira hakuna. Australia mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022 kwa upande wa England, walitunga sheria za kumbana anayeuza kazi hizo. Lakini sheria ya England haimjui mama mwenye nyumba wangu. Nikamwambia bwana yule anipe siku moja.

Usiku ule nikajaribu. Nilijiambia najaribu tu. Nikaandika "Mhojiwa namba 7". Nikampa genge la mboga Manzese, nikampa mume aliyeondoka na redio, nikampa kicheko cha kukata maneno. Utafiti ulihusu mikopo ya vikundi, basi nikamfanya aeleze jinsi anavyolipa marejesho ya kila wiki kwa kukopa kwa jirani. Akaongea kurasa mbili bila mimi kumsukuma. Ilikuwa ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nikaisoma, nikaogopa. Riwaya yangu usiku na usiku ilikuwa inakataa kuamka, na huyu mwanamke ambaye hayupo alikuwa amesimama wima, anaaminika, yuko tayari kuingia kwenye jedwali na kuhesabiwa mmoja kati ya kumi na wawili. Kesho mtu wa benki au wa serikali angemsoma na kuamua jambo juu ya wanawake wa Manzese kwa sababu ya mwanamke wa kichwani mwangu. Nikakumbuka "makosa yako wapi?" Mara ya kwanza nilifuta data ya watu wa kweli, safari hii nilikuwa natia data ya watu wa uongo.

Asubuhi nilimwambia bwana kwamba nikipewa mahojiano yake manne nitamhariria lugha, na kwamba akiongea na msimamizi labda watapunguza idadi au wamwongezee muda. Alinitazama kama nimetukana mamaye, akaondoka. Baadaye nilisikia amepata mtu wa kumalizia, na tasnifu ilipita. Kodi niliilipa kwa kuuza baiskeli.

Yule dada wa insha naye alihitimu. Alinipa kopi ya tasnifu yake yenye jalada gumu, na kwenye shukurani nimetajwa kwa mstari mmoja: kwamba nilihariri lugha na kuuliza maswali mengi kuliko nilivyolipwa. "Kiti hii imevunjika" iko ukurasa wa 67, haijaguswa.

Mhojiwa namba 7 nimemhamishia kwenye riwaya. Sasa ana jina, anaitwa Mama Chausiku, na ule mkopo wa jirani umekuwa sura ya tatu. Redio bado haijarudi.